Ombi likirudiwa, pesa zisikatwe tena

Mnunuzi alituandikia akiwa ameambatisha picha ya taarifa ya kadi yake: makato mawili ya kiasi kilekile, yamepishana kwa sekunde 10. Oda ilikuwa moja. Nilifungua kumbukumbu za seva nikiamini nitakuta amebonyeza kitufe mara mbili, na haikuwa hivyo. Programu yetu ya simu ndiyo iliyorudia ombi yenyewe, tena ikiwa na ufunguo uleule kwenye kichwa cha `Idempotency-Key`, kama tulivyoiagiza. Kinga ilikuwapo, na pesa zilikatwa mara mbili vilevile.

Kwa ambaye hajakutana nayo, kinga yenyewe ni hii. Simu ikituma ombi la malipo halafu jibu lisirudi, haina njia ya kujua kama ombi halikufika au limefika na jibu ndilo lililopotea. Lazima irudie. Kwa hiyo kila ombi hubeba ufunguo wa kipekee, na seva ikiuona tena hurudisha jibu la mwanzo bila kugusa kadi. Tabia hiyo wahandisi huiita aidempotensi: kulifanya jambo mara tano kuache matokeo yaleyale ya kulifanya mara moja.

Sasa tazama msimbo wetu ulivyokuwa. Seva ilitafuta ufunguo kwenye jedwali. Ukikosekana, ilimwita mchakataji wa kadi, ikasubiri jibu, kisha ikauandika ufunguo pamoja na jibu lile. Ukiusoma harakaharaka hauna kosa. Siku ile mchakataji alikuwa mzito, anachukua sekunde 14 kujibu, na simu yetu husubiri sekunde 10 tu. Sekunde ya 0 ombi la kwanza lilifika, ufunguo haukuwapo, mchakataji akaitwa. Sekunde ya 10 simu ilichoka kusubiri ikatuma tena. Ombi la pili nalo lilitafuta ufunguo na kuukosa, maana la kwanza lilikuwa bado linasubiri jibu na halijaandika kitu. Mchakataji akaitwa mara ya pili.

Kasoro ni mpangilio wa hatua. Kutazama kwanza na kuandika baadaye huacha mwanya, na mwanya huo hupanuka pale hasa mchakataji anapokuwa mzito, yaani wakati ambao simu nazo zinarudia zaidi. Ufunguo uandikwe kabla ya kumwita mchakataji, na kazi ya kuamua nani kawahi iachiwe hifadhidata yenyewe. Kwenye PostgreSQL tunaandika hivi:

```sql
INSERT INTO funguo (mteja_id, ufunguo, alama, hali)
VALUES ($1, $2, $3, 'linaendelea')
ON CONFLICT (mteja_id, ufunguo) DO NOTHING;
```

Sharti la upekee liko kwenye `mteja_id` na `ufunguo` kwa pamoja. Ikiingia safu 1, ombi hili ndilo la kwanza na linaruhusiwa kuendelea. Zikiingia 0, kuna lililotangulia: soma hali yake. Kama limekwisha, rudisha jibu lililohifadhiwa. Kama bado `linaendelea`, jibu `409` na uiache simu ijaribu tena baada ya muda kidogo, kwa ufunguo uleule. Safuwima ya `alama` ni heshi ya kiasi, sarafu na namba ya oda. Ufunguo ukirudi na alama tofauti, kuna mtu ameutumia kwa malipo mengine. Sisi hukataa kwa `422`. Usiheshi JSON nzima, kwa sababu sehemu moja ya saa ndani yake ikibadilika utakataa marudio halali.

Jambo moja watu wengi hulikosea: safu hiyo ithibitishwe kwa `COMMIT` kabla ya kumwita mchakataji. Ukiuacha muamala wa hifadhidata wazi hadi jibu lirudi, ombi la pili litaning'inia likisubiri la kwanza limalize. Na seva ikifa katikati, hifadhidata itaifuta safu ile kana kwamba hakuna kilichotokea, ilhali pesa huenda zimekwisha kukatwa.

Hapo tunafika kwenye sehemu iliyoninyima usingizi kuliko zote. Seva imeandika `linaendelea`, imemwita mchakataji, halafu imezimika. Safu imebaki vile. Je, pesa zimekatwa? Hifadhidata yetu haijui, na haiwezi kujua. Wapo wanaoweka kanuni kwamba safu ikikaa dakika tano ifutwe ili mnunuzi ajaribu upya, na kanuni hiyo ni makato mawili yanayosubiri siku yao. Hali ya tatu, kati ya kufaulu na kushindwa, ni kutojua, na kutojua hakuondoki kwa kupita kwa muda. Huondoka kwa kuuliza.

Sisi huuliza kupitia kitambulisho cha safu yetu. Kitambulisho hicho huundwa safu inapoandikwa, hakibadiliki, na ndicho tunachompa mchakataji kama ufunguo wetu kwake. Kazi ya nyuma huzikusanya safu zilizokwama na kurudia mwito uleule kwa kitambulisho kilekile. Kama pesa zilishakatwa, mchakataji hurudisha jibu la zamani. Kama hazikukatwa, zinakatwa sasa kwa mara ya kwanza. Mchakataji asipokuwa na utaratibu wa funguo, muulize kwa namba ya rejea, lakini akijibu "hakuna" usiamini papo hapo: ombi laweza kuwa bado liko njiani kwake. Na uangalie ukomo wa kumbukumbu yake. Stripe, kwa mfano, wanasema funguo zinaweza kuondolewa zikishatimiza angalau saa 24, kwa hiyo safu iliyokwama tangu juzi hairudiwi kwa mashine. Huitazama mtu.

Si kila jibu huhifadhiwa. Kadi iliyokataliwa ni jibu la mwisho, na marudio yapate kukataliwa kulekule. Mnunuzi akibadilisha kadi, hilo ni jaribio jipya lenye ufunguo mpya. Lakini kama seva ilishindwa kabla hata ya kumwita mchakataji, uachilie ufunguo, hakuna pesa iliyoguswa.

Upande wa simu tulikuta kosa jingine kwenye toleo la zamani. UUID ya ufunguo ilikuwa inaundwa ndani ya funksheni ya kutuma, na funksheni hiyo ndiyo iliyokuwa ikirudiwa mtandao ukikatika. Kila marudio yalikuja na ufunguo mpya, na seva, kwa haki kabisa, iliyaona kuwa malipo mapya. Ufunguo uzaliwe mnunuzi anapokubali kulipa, uhifadhiwe kwenye simu kabla ya ombi la kwanza kutoka, na uendelee kuwapo hata programu ikifungwa na kufunguliwa. Dalili yake ni rahisi kuiona: panga maombi kwa namba ya oda, na ukikuta oda moja ina funguo nyingi ndani ya dakika moja, anza kuchunguza simu, si seva.

Kwa sababu hiyo niliongeza kizuizi cha pili ambacho hakijali funguo kabisa:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX malipo_oda ON malipo (oda_id)
WHERE hali IN ('linaendelea', 'limefaulu');
```

Oda moja haiwezi kuwa na malipo mawili yaliyo hai. Safu ya `malipo` huingizwa katika muamala uleule wa ufunguo, kabla ya mwito.

Majaribio yetu sasa ni mawili. La kwanza hutuma maombi 20 yenye ufunguo mmoja kwa wakati mmoja dhidi ya mchakataji wa bandia anayechelewa sekunde 14, kisha huhesabu miito aliyoipokea. La pili huiua seva kwa `kill -9` mara tu mchakataji wa bandia anapopokea mwito, huiwasha tena, na kuisubiri ile kazi ya nyuma. Msimbo wa zamani, nilipoupitisha kwenye jaribio la kwanza, ulimwita mchakataji mara 20.