Stoo imepungua: je, bima ya uaminifu wa wafanyakazi italipa?

Wenye maduka wengi wanaokata bima ya uaminifu wa wafanyakazi huamini kwamba mali ikipungua dukani, kampuni ya bima itafidia. Sivyo. Bima hii hulipa hasara iliyosababishwa na udanganyifu au wizi wa mfanyakazi aliyeorodheshwa kwenye mkataba, ama kwa jina lake au kwa cheo chake. Upungufu ambao haujulikani umetokana na nini umewekwa nje ya mikataba mingi, kwa maneno ya wazi kabisa. Mzigo unaweza kupungua kwa sababu msambazaji alileta pungufu, mteja alidokoa, au karani alikosea kuandika. Ni kazi ya mdai kuonyesha kwamba si hayo.

Chukulia duka la vifaa vya ujenzi Mbagala. Mwenye duka anahesabu stoo na kukuta pengo la shilingi 8,700,000 kwa bei ya kununulia. Anamshuku muuzaji wake, anakwenda polisi, anapewa RB, kisha anapeleka RB hiyo na karatasi ya hesabu kwa wakala wake wa bima. Kwa nyaraka hizo mbili halipwi kitu. RB inathibitisha kwamba ameripoti tu, na hesabu ya stoo inathibitisha kwamba vitu havipo. Hakuna inayomtaja mtu.

Kinachobadilisha madai yake ni wateja. Fundi mmoja anarudi kubadilisha bati akiwa na risiti ya kuandikwa kwa mkono, ambayo haimo kwenye mashine ya EFD. Ujumbe wa malipo kwenye simu yake unaonyesha fedha zilikwenda kwenye namba binafsi ya muuzaji, wala si Lipa Namba ya duka. Mwenye duka anawatafuta wateja wengine, anakusanya risiti na ujumbe wa aina hiyo, na kulinganisha kila tarehe na ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ambayo mashine ya EFD hutoa kwa siku husika. Mauzo yaliyofichwa yanafika shilingi 6,500,000.

Hapo mkadiriaji wa hasara, anayechunguza madai kwa niaba ya kampuni ya bima, ana njia ya kufuata: bidhaa fulani, siku fulani, mikononi mwa mtu fulani. Ataomba pia ankara za manunuzi, mkataba wa ajira, kumbukumbu za mshahara na barua za wadhamini. Mwenye duka hana haja ya kusubiri hukumu ya mahakama, isipokuwa mkataba umesema hivyo. Maelezo ya kukiri husaidia, mradi yameandikwa kwa hiari mbele ya mashahidi. Karatasi iliyosainiwa na kijana aliyefungiwa stoo hadi usiku haina uzito, na inaweza kumletea mwajiri kesi yake mwenyewe.

Sasa hesabu. Faida haifidiwi, kwa hiyo mauzo ya 6,500,000 yanarudishwa kwenye bei ya kununulia, tuseme 5,200,000. Muuzaji alikuwa anadai mshahara wa 300,000 ambao mwajiri anaweza kuuzuia kisheria. Unatolewa, inabaki 4,900,000. Eksesi, yaani sehemu anayobeba mteja mwenyewe, ikiwa asilimia 10, ni 490,000. Analipwa 4,410,000, kama kikomo cha bima kinafika hapo. Ile 3,500,000 iliyobaki ya pengo la stoo haina mwenyewe, na haina fidia.

Kuna jambo linaloharibu madai hata yenye ushahidi mzuri, nalo ni huruma. Mwajiri anagundua wizi mdogo mwezi Machi, anamsamehe kijana, anamrudisha kaunta. Mwezi Agosti anaibiwa kikubwa. Kwa kawaida kinga juu ya mfanyakazi huyo hukoma siku mwajiri alipogundua kosa la kwanza, hivyo wizi wa Agosti ni wake mwenyewe. Msamaha ni haki yake, lakini aitaarifu kampuni ya bima kwanza. Vivyo hivyo asisaini makubaliano ya kumalizana na familia ya muuzaji bila kampuni kujua, kwa kuwa ikishalipa ndiyo yenye haki ya kumdai mwizi.

Soma pia fomu ya maombi uliyojaza siku ya kwanza. Kama uliandika kwamba stoo inahesabiwa kila mwezi na kwamba anayeuza siye anayepeleka fedha benki, mkadiriaji atataka kuona karatasi za hesabu za kila mwezi na saini za watu wawili. Ukibadilisha utaratibu huo katikati ya mwaka, iarifu kampuni kwa barua.

Muda nao una mipaka. Mkataba hutaja kipindi cha kugundua hasara baada ya mfanyakazi kuondoka au bima kuisha, mara nyingi kati ya miezi 6 na 12. Ukigundua, toa taarifa siku hiyo hiyo, hata kabla hujajua kiasi. Madai yakikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ndiyo barua utakayokwenda nayo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.