Je, wajua? Maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake

"Mwalimu, Jumatatu nilimaliza mazoezi nikiwa mzima kabisa. Mbona leo Jumatano hata kuchuchumaa chooni siwezi?"

Misuli ya mapaja yako iliumia Jumatatu ileile, tena kabla hujaondoka uwanjani. Kilichochelewa ni maumivu. Kwa kawaida huanza kusikika baada ya saa 12 hadi 24, hupanda hadi kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hutulia yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Mtu akiwa amekaa kimya haumii sana. Akiinuka kitini, akibonyeza paja kwa kidole au akianza kushuka ngazi, hapo ndipo anakunja uso.

Maelezo yaliyozoeleka viwanjani ni kwamba asidi ya laktiki imegandamana kwenye misuli, kwa hiyo mwanafunzi akimbie tena aiondoe. Maelezo hayo hayasimami. Laktiki inayozalishwa wakati wa mazoezi makali huondoka kwenye damu na kurudi kiwango cha kawaida ndani ya kama saa moja, na Jumatano haipo tena. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili kwa njia rahisi: waliwakimbiza watu kwenye mashine ya kukimbilia dakika 45 kwenye tambarare, na siku nyingine dakika 45 kwenye mteremko. Tambarare ilipandisha laktiki, lakini misuli haikuuma siku zilizofuata. Mteremko haukupandisha laktiki, na misuli ikauma kweli.

Kwa hiyo swali la kocha linapaswa kuwa: mteremko una nini?

Msuli hufanya kazi kwa kuvuta. Ukipanda ngazi, msuli wa mbele wa paja unavuta na kufupika, goti linanyooka, mwili unainuka. Ukishuka, msuli uleule bado unavuta ili usianguke, lakini uzito wa mwili unaushinda taratibu na kuurefusha. Ni kama timu ya kuvuta kamba iliyokaza meno na kuchimbia visigino, huku ikiburutwa kuelekea mstarini. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayoumiza misuli: kushuka mlima, kutua baada ya kuruka, kusimama ghafla katikati ya mbio, kushusha chini kitu kizito polepole. Kuinua peke yake kunachosha lakini hakuumizi kiasi hicho.

Kuna jambo moja hapa linalowadanganya walimu wengi wa michezo. Kazi ya kushuka hutumia oksijeni kidogo kuliko ya kupanda. Mwanafunzi hahemi sana, uso haujabadilika, anasema bado ana nguvu. Kocha anaongeza seti. Lakini mzigo huo unabebwa na nyuzi chache zaidi za msuli, na kila uzi unapata mvuto mkubwa. Baadhi ya vipande vidogo sana vinavyounda uzi huo hurefushwa kupita kiasi na kuharibika, na utando wa chembe za msuli huchanika hapa na pale kwa kiwango ambacho jicho haliwezi kuona. Mtafiti Mmarekani Theodore Hough alikwisha kuhisi jambo hili mwaka 1902, alipoandika kwamba maumivu ya namna hii yanatokana na michaniko ndani ya msuli.

Baada ya hapo mwili unaanza matengenezo, nayo huchukua muda. Chembe za kinga zinafika, sehemu hiyo inavimba kidogo, na kemikali zinazotolewa hapo zinaifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuhisi, hata mguso wa kawaida ukawa maumivu. Huo ndio ucheleweshaji wenyewe. Nguvu ya msuli, hata hivyo, haisubiri: hupungua papo hapo baada ya zoezi na hurudi taratibu kwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo maumivu si kipimo kizuri cha hali ya msuli. Mchezaji anaweza kuwa na nguvu pungufu kabla hajaanza kuumwa, na mwingine akaumwa sana ilhali madhara ni madogo.

Darasa la baiolojia linaweza kulithibitisha hili kwa benchi imara yenye urefu wa kufika karibu na goti. Mwanafunzi mwenye afya njema apande kwa mguu wa kulia kila mara, kisha ashuke kwa kutanguliza mguu huohuo wa kulia. Akifanya hivyo, paja la kulia ndilo linalomwinua, na paja la kushoto, lililobaki juu ya benchi, ndilo linalomshusha polepole. Dakika tano zinatosha kwa mtu asiyezoea. Wakati wa zoezi atalalamikia paja la kulia kwa kuchoka. Baada ya siku mbili, linalouma zaidi litakuwa la kushoto.

Sasa turudi kwa aliyeuliza. Tuseme yuko timu ya netiboli ya shule, wamerudi kutoka likizo ndefu ya Desemba, na kocha anawaandaa kwa mashindano ya UMISSETA. Jumatatu ya kwanza wanaruka kichura seti tano za 20, kisha wanakimbia kushuka mteremko wa nyuma ya mabweni. Hesabu vizuri: kuruka kichura 100 ni kutua mara 100 huku magoti yakikunjwa hadi mwisho. Hapo mbio za mteremko bado hazijaongezwa, na miguu imetoka kupumzika wiki kadhaa. Kwa yeyote anayejua habari ya kutua na kushuka, maumivu ya Jumatano yalikuwa yamepangwa tangu Jumatatu jioni.

Zoezi lenyewe si baya, dozi ndiyo ilikuwa kubwa. Msuli ulioonja kazi ya kushuka mara moja, hata kwa kiasi kidogo, hujenga kinga: zoezi lilelile likirudiwa baada ya wiki moja au mbili, maumivu huwa machache sana na nguvu hurudi haraka zaidi. Kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Ningekuwa mimi kocha huyo, Jumatatu ya kwanza ningewapa seti mbili za kuruka 8, bila mteremko. Wiki inayofuata seti tatu. Mbio za kushuka ningezileta wiki ya tatu, tena kwenye nyasi na kwa umbali mfupi. Kufikia mwezi wa pili wataruka zile 100 bila mtu kutembea kama anatembelea magongo.

Lakini maumivu yamekwisha kuja, tufanye nini? Siku ya kwanza na ya pili, mwendo mwepesi ndio unaosaidia: kutembea, kukimbia taratibu dakika 15 au 20, kupasiana mpira bila kuruka. Maumivu hupungua wakati wa kusogea, na yakirudi baadaye jioni usishangae. Nafuu hiyo ni ya muda, haiharakishi kupona. Kumlaza mwanafunzi kitandani siku nzima hakumsaidii, na kumrudishia mazoezi yaleyale ili "azoee" ni kuukandamiza msuli ambao haujakarabatiwa.

Kujinyoosha misuli kunapendwa sana, lakini majaribio mengi yakiunganishwa pamoja yanaonyesha kwamba kujinyoosha kabla au baada ya mazoezi kunapunguza maumivu haya kwa wastani wa kama alama moja tu kati ya 100. Anayejisikia vizuri akijinyoosha aendelee, asivute kwa nguvu. Kuchua taratibu kunaleta nafuu kiasi. Kuchua kwa kukandamiza kwa viwiko mpaka mtu anapiga kelele hakuna faida yoyote, na kunaweza kuongeza majeraha. Maji baridi yanapunguza maumivu, na shule iliyo karibu na mto au ziwa salama inaweza kuyatumia wakati wa mashindano ya mfululizo. Ila yakitumiwa kila siku baada ya mazoezi ya nguvu, yanaweza kupunguza ukuaji wa misuli unaotafutwa.

Usingizi na chakula ndivyo ninavyovipa uzito zaidi. Kijana anayekua anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi, na ratiba ya bweni inayomwamsha saa kumi alfajiri inamnyima muda wa kujitengeneza. Msuli unajengwa kwa protini, nayo ipo kwenye maharage, dagaa, mayai, maziwa na karanga. Hakuna haja ya kununua unga wa kopo. Uji peke yake asubuhi baada ya mazoezi makali hautoshi.

Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki naomba zisigawiwe uwanjani. Mchezaji aliyepungukiwa maji kwa jasho akimeza dawa hizo anaziweka figo zake kwenye hatari, na pia zinaficha jeraha ambalo kocha alipaswa kuliona.

Kujua kama mchezaji yuko tayari, tumia chaki. Kabla ya msimu kuanza, kila mmoja ajipake chaki kwenye ncha za vidole, aruke wima kando ya ukuta na kuacha alama ya juu kabisa anayoweza. Pima na uandike. Siku mbili au tatu baada ya mazoezi makali arudie. Akipungua kwa sentimita kadhaa, nguvu haijarudi hata kama anasema hana maumivu, na siku hiyo asipewe kazi ya kuruka wala kukimbia kwa kasi kamili.

Maumivu ya kawaida huenea kwenye msuli mzima, na mara nyingi miguu yote miwili. Maumivu yaliyoanza ghafla katikati ya mchezo, yanayochoma sehemu moja, yaliyoko ndani ya kiungo au juu ya mfupa, au yanayomfanya mtu achechemee mguu mmoja, ni jeraha, na yanahitaji kuangaliwa. Hata yale ya kawaida, yakipita wiki moja bila kupungua, yaangaliwe.

Na kuna hali moja ambayo kila mwalimu anayetoa adhabu ya kuruka kichura lazima aijue. Misuli ikiharibiwa kupita kiasi, yaliyomo ndani yake humwagika kwenye damu na kuelemea figo. Mwanafunzi anakuwa na maumivu makali mno, mapaja yamevimba na kukakamaa, miguu haina nguvu, na mkojo unatoka na rangi ya chai ya rangi au soda ya kola. Hatari ni kubwa zaidi kwenye joto kali, kwa aliyetoka kuugua, kwa mwenye selimundu na hata kwa anayebeba kinasaba chake bila kuumwa. Mkojo wa rangi hiyo hausubiri kesho wala mwisho wa vipindi. Apelekwe hospitali wakati huohuo, na anayempeleka amweleze daktari ni zoezi gani alifanya, mara ngapi na siku gani, ili apimwe damu na figo na aanzishiwe dripu mapema.