7805 ikichemka si lazima iwe feki

Dhana: regyuleta, yaani chipu inayoshusha volti na kuzishikilia pale pale, ikichemka ni feki. 7805 ni regyuleta ya kutoa volti 5.

Mwendesha bodaboda mmoja aliniletea hapa Kondele, Kisumu, kisanduku cha kuchajia simu alichofunga kwenye usukani. Alama ya chaji inawaka, inazimika, baada ya muda inawaka tena. "Fundi, niwekee 7805 orijino," akasema.

Ile chipu ilikuwa nzima. Ilikuwa inajizima yenyewe kwa joto, ikipoa inarudi kazini. Injini ikinguruma nilipima volti 14.4 kwenye betri, na simu inataka 5. Regyuleta ya linia, kama 7805, huzigeuza volti za ziada kuwa joto tupu. Hapo zimebaki 9.4, simu ikivuta ampea 1, hizo ni wati 9.4 za joto, ilhali simu yenyewe inapata wati 5. Orijino ingechemka vilevile.

Bila hitisinki, yaani kipande cha chuma cha kuipooza, 7805 hupanda takriban digrii 65 kwa kila wati. Kisumu alasiri hewa ikiwa digrii 30, nawe hutaki ndani ya chipu kupite 125, una nafasi ya wati 1.5 hivi. Kwa pikipiki hiyo, ni kama miliampea 160 tu. Simu haitosheki nazo.

Dhana: hitisinki kubwa inamaliza tatizo.

Inaiokoa chipu, lakini betri bado inatoa ampea nzima. Nilimwekea moduli ya LM2596, ambayo ni regyuleta ya swichi: hukata umeme vipande vipande kwa kasi, koili ikavilainisha. Ufanisi wake hapo ni karibu asilimia 80, kwa hiyo kwa wati 5 za simu inavuta wati 6.25, na joto ni wati 1.25 pekee. Betri inatoa ampea 0.43 badala ya 1. Rekebisha skrubu yake hadi mita isome volti 5 kabla ya kuchomeka simu, maana ukiisahau utaiua simu ya mtu.

Dhana: regyuleta ya "pengo dogo" haichemki.

Pengo ni kiasi ambacho volti za kuingia lazima zizidi za kutoka. Kwa 7805 ni kama volti 2, ndiyo maana betri ya volti 6 haitoi 5 kamili: tokeo linashuka pamoja na betri. Yenye pengo dogo inakufaa hapo. Lakini ukiilisha volti 14.4, joto ni lilelile wati 9.4. Kabla ya kulaumu chipu, pima volti za kuingia mzigo ukiwa umeunganishwa.

Dhana: basi swichi ni bora kila mahali.

Kutoka volti 5 hadi 3.3 kwa miliampea 100, joto ni wati 0.17. Weka ya linia. Na kwa redio ya masafa ya kati mimi huanza na ya linia, kwa sababu kelele ya swichi husikika kama mluzi katikati ya stesheni.