Dola zimefika Dar zikiwa pungufu, sasa utamwambia nini saplaya?

Hapa dawati la malipo ya nje tunapata hii kesi kila wakati. Mteja anakuja na meseji ya saplaya kwa simu inasema pesa imeingia lakini haijatimia, na yeye mkononi ana stetimenti inayoonyesha imetoka yote, na kila mmoja ameanza kumshuku mwenzake. Wote wawili wanasema ukweli. Sasa ni vile mtaongea hapo katikati, kwa sababu mzigo uko stoo na saplaya amesema hautoki mpaka invoisi ifungwe.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza vitenge Eastleigh, ananunua kwa mzee mmoja Kariakoo, Dar es Salaam. Invoisi namba 118 ni dola 6,400. Mama amejaza fomu ya TT, ile ya benki ya kutuma pesa nje, pale kwa sehemu ya chaji akaweka SHA, yaani kila mtu abebe za upande wake, na ukweli wengi wanaweka hiyo kwa sababu ndio inakuja imejazwa ama karani ameitiki. Benki ya Nairobi ikakata chaji yake kando kutoka akaunti ya shilingi, kwa hivyo kwa macho ya mama dola 6,400 zimetoka zote. Kariakoo zimeingia 6,368. Zimepotea 32.

Hazijapotea. Dola ikitoka Nairobi kwenda Dar haipandi basi ya Namanga, inazunguka Marekani, kwa sababu benki zetu zinaweka dola zao kwa benki kubwa za huko na hizo ndizo zinahamisha. Hiyo benki ya katikati imechukua 20 kutoka kwa pesa yenyewe ikiwa njiani, halafu benki ya mzee kule Dar ikachukua 12 ya kupokea. (Kama mngekuwa mnalipana kwa shilingi, ya Kenya ama ya Tanzania, kuna EAPS, mfumo wa benki kuu za Afrika Mashariki unaopitisha pesa za nchi zetu bila kuzunguka huko, lakini dola haimo.)

Kabla hujamjibu saplaya tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni kopi ya SWIFT kutoka benki yako, yaani meseji ya malipo iliyotumwa kwa benki zingine, ile watu wanaita MT103, hata kama siku hizi meseji zenyewe zimehamia mfumo mpya benki nyingi bado zinakuchapishia kwa sura ile ile. Angalia sehemu ya `71A` ndio uone kama ni SHA ama OUR, yaani mtumaji abebe chaji zote, na `33B` ndio kiasi ulichoagiza kitumwe. Hapo watu wanakosea sana, wanamtumia saplaya hiyo kopi kama ushahidi kwamba hakuna kilichokatwa, na kopi hiyo ilichapishwa pesa ikitoka, kabla benki ya katikati haijaigusa. Inathibitisha ulituma 6,400, haithibitishi kilichofika. Makato ya njiani yanaandikwa kwa `71F` ya meseji inayofika upande ule mwingine. Cha pili kwa hivyo kinatoka kwa saplaya, adivaisi ya benki yake inayoonyesha kilichoingia na walichokata wao. Ukiona bado hesabu haifungi, ambia benki yako ifuate ile namba ndefu ya UETR iliyo kwa kopi, mara nyingi wanaona kwa skrini nani alikata ngapi. Uliza bei kwanza kabla hujasaini ombi rasmi la kufuatilia, maana linaweza kukugharimu kuliko hizo dola 32 unazotafuta.

Sasa nani anabeba? Hiyo inatoka kwa makubaliano yenu, benki haiamui. Kama invoisi ilisema saplaya apokee kiasi kamili, zote 32 ni za mnunuzi. Kama haikusema kitu na mlikubaliana SHA, mnunuzi ana haki ya kuomba wagawane, lakini kwa maoni yangu kama huyu ni mtu unayemtegemea kila mwezi, beba, halafu urekebishe fomu safari ijayo. Kitu kibaya kabisa ni kumjibu "mimi nilituma yote, uliza benki yenu". Yeye kwa vitabu vyake bado anakudai, na hilo jibu halimwambii atalipwa lini.

Andika hivi, na uandike siku hiyo hiyo:

"Shikamoo mzee. Nimeona adivaisi yako, asante. Kwa invoisi 118 nilituma dola 6,400 na kwako zimeingia 6,368. Zilizokatwa ni 32: benki ya katikati 20, benki yako 12. Nimeambatanisha kopi ya SWIFT. Hizo 32 ni zangu, nitaziongeza kwa malipo ya invoisi 131 tarehe 14, kwa hivyo siku hiyo utegemee 5,032 badala ya 5,000, na chaji zote nitalipa mimi. Naomba uruhusu mzigo wa 118 utoke sasa na uandike salio la 32 kwa akaunti yangu. Ukikubali nijibu hapa hapa niwe na maandishi."

Ona kila kiasi kimetajwa na kina namba ya invoisi, na kuna tarehe. "Tutamalizana" pekee yake inamuacha karani wa mzee hajui afunge invoisi ama aiache wazi, na karani asiyejua hafungui stoo.

Mbona asitume tu hizo 32 leo? Hesabu na wewe: benki ya katikati itachukua 20 tena, ya Dar 12 tena, na mzee anapata sufuri, na bado mama amelipa chaji ya kutuma Nairobi. Salio dogo namna hii linabebwa na malipo yanayofuata. Kama hakuna oda nyingine inakuja karibu, mama anaweza kutuma kwa M-Pesa kutoka Kenya kwenda Tanzania, inafika ikiwa shilingi ya kule, lakini kwanza wakubaliane reti kwa maandishi na mzee athibitishe kwamba kiasi hicho kimefunga dola 32, la sivyo wataanza tena kuzozana juu ya tofauti ya reti.

Hapa pia naomba uwe macho sana. Meseji ya "pesa imefika pungufu, tuma salio kwa akaunti hii mpya" inatumiwa na matapeli walioingia kwa imeili ya saplaya wako. Akaunti ikibadilika usitume hata dola moja mpaka umpigie mzee kwa namba uliyokuwa nayo zamani, sio ile iliyo kwa hiyo imeili.

Siku ya tarehe 14 mama atajaza OUR, benki ya Nairobi itamkata zaidi mwanzoni ndio pesa isiguswe njiani. OUR inapunguza shida lakini haizuii kila kitu, benki ya mpokeaji bado inaweza kumkata mteja wake ada ya kupokea kulingana na makubaliano yao, na hiyo mzee aulizie kule kwake kabla ya tarehe hiyo ili wajue kama 5,032 inatosha ama iwe 5,044. Na kwa sehemu ya maelezo ya malipo aandike wazi kitu kama `INV 118 SALIO USD 32, INV 131 USD 5000`, ndio karani wa Kariakoo akiona hiyo pesa imezidi ajue ni ya nini na afunge zote mbili.