Mtu anaweza kuzuiliwa bila kujua?

Mteja mmoja yuko ndani ya duka kubwa anachagua mkate. Meneja, akidhani ameficha kitu kwenye begi, anamwamuru mlinzi afunge mlango, nao ndio pekee. Dakika kumi baadaye inaonekana walimfananisha, mlango unafunguliwa, mteja analipia mkate wake na kwenda zake. Hajui lolote. Jioni mfanyakazi mmoja anamsimulia, na kesho yake anagonga mlango wa wakili: je, nilizuiliwa?

Mwaka 1834 mahakama ya Kiingereza ingemjibu hapana. Katika kesi ya Herring na Boyle, mwalimu alikataa kumtoa mtoto wa bweni aende nyumbani likizo ya Krismasi kwa sababu mama yake hakuwa amelipa ada. Mama alikataliwa waziwazi, ila mtoto mwenyewe hakuonekana kujua kwamba anashikiliwa. Dai lilianguka.

Mwaka 1919 ikaja kesi ya Meering dhidi ya kampuni ya ndege ya Grahame-White. Kiwandani mali ilikuwa inaibwa, na Meering akashukiwa. Askari wawili wa kampuni walimwomba aende nao ofisini, akaambiwa kwamba anahitajika kutoa ushahidi. Akakaa akisubiri, huku askari wakibaki karibu kuhakikisha haondoki, hadi polisi walipofika kumkamata. Kwa muda wote ule hakujua kwamba angesimama angezuiwa. Majaji wawili kati ya watatu walimpa ushindi. Jaji Atkin alisema mtu anaweza kuzuiliwa akiwa amelala, amelewa au amezimia, kwa sababu kinacholindwa ni uhuru wenyewe, si hisia ya kuupoteza. Na akaongeza hoja ninayoipenda: wakati mtu hajui, waliomzuia wanaweza kuwa nje wanawatambia watu kwamba wamemfungia. Jina lake linachafuka yeye akinywa chai! Ajabu ni kwamba kesi ya mtoto wa bweni haikutajwa mbele ya majaji hao.

Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilikuja kuegemea upande wa Atkin mwaka 1988, katika kesi ya Murray iliyotoka Belfasti. Wanajeshi waliingia nyumbani kwa mama mmoja saa moja asubuhi, na ilipofika saa moja na nusu ndipo wakamtamkia kwamba amekamatwa. Malodi waliona kwamba alizuiliwa tangu saa moja, na kwamba mwenyewe alijua. Mwishowe alishindwa kwa sababu ukamataji ulikuwa halali. Kwa hiyo maneno yao kwamba kujua si sharti hayakuamua kesi ile, ingawa ndiyo yanayofuatwa. Walitoa pia tahadhari: asiyejua na asiyeumia atarajie fidia ya jina tu, yaani kiasi kidogo cha kutambua kwamba haki yake ilivunjwa. Kwa jaji wa Dodoma au Mombasa, hukumu hiyo ni ya ushawishi, haimfungi. Marekani, mwongozo wao mashuhuri wa sheria hii unataka mdai awe alijua, au awe ameumia.

Turudi dukani. Mlango ulifungwa na njia nyingine haikuwepo, hivyo mteja wetu ana dai, japo fidia yake huenda isifikie hata nauli za kwenda mahakamani. Kungekuwa na mlango wa pili ulio wazi na salama, dai lisingesimama: kuzuiwa upande mmoja si kuzuiliwa. Na kama mlango haukufungwa, mlinzi aliambiwa tu "akitaka kutoka mshike", hapo mawakili tutabishana. Mwaka 1998, katika kesi ya Bournewood, wengi wa Malodi walitofautisha kumzuia mtu na kuwa tayari kumzuia.

Sasa tuseme mlinzi alimgusa. Tangu 1704 Jaji Holt alisema mguso mdogo kabisa, ukifanywa kwa hasira, ni kosa. Jeraha halihitajiki, na nguo uliyovaa huhesabiwa kama mwili wako. Hata fahamu haihitajiki: anayebusiwa usingizini ametendewa kosa. Lakini ingekuwa hivyo bila mipaka, kila abiria wa daladala angekuwa mdai. Ndiyo maana mwaka 1984, kesi ya Collins na Wilcock ikaweka nje migusano ya kawaida ya maisha: msukumano wa foleni, kugongwa begani ili ugeuke. Askari wa kike alikuwa amemshika mkono mwanamke asiyetaka kuzungumza naye, bila nia ya kumkamata. Mahakama ilisema amevuka mpaka.

Kwa hiyo mlinzi akimgusa mteja bega, "samahani kaka", hakuna kesi. Kaka akisema "niache" na kuendelea kutembea, kisha mlinzi akamdaka mkono wa shati bila uwezo wa kisheria wa kumkamata, kosa limetimia kabla hata shati halijakunjamana.