Kilo za mbuzi hai si kilo za nyama

"Mbuzi wa kilo 30 si atanipa kama kilo 25 za nyama?"

Hapana. Tarajia kilo 13 hivi, tena pamoja na mifupa. Ukiitoa, zinabaki kama 9. Damu, ngozi, kichwa, miguu na matumbo huondoka na zaidi ya nusu ya uzito. Linalodanganya zaidi ni tumbo: mbuzi aliyetoka malishoni amebeba kilo kadhaa za majani na maji. Akilala bila kula, asubuhi mizani huenda ikasoma 28. Nyama ni ileile 13, ila asilimia ya nyama katika uzito wa mbuzi hai imepanda kutoka 43 hadi 46. Basi muuzaji akikutajia asilimia, muulize mnyama alipimwa lini. Ng'ombe naye hucheza karibu na nusu. Kuku wa nyama, asiyechunwa ngozi wala kubeba tumbo la majani, hufika asilimia 70.