Miaka tisa ya kuvuta waya na pampu moja iliyogoma

"Nimefunga umeme wa majumbani miaka tisa, sasa naomba stashahada ya uhandisi umeme. Kwenye maelezo binafsi nimetaja kazi zangu zote kubwa, lakini niliyempa asome anasema hayamwonyeshi kitu. Kwa nini, na uzoefu wangu wote umo?"

Kwa sababu anayesoma hawezi kwenda kuziona kazi hizo, na orodha haimpi chochote cha kukagua akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Nilipoomba chuo mara ya kwanza niliandika vivyo hivyo. Nilihesabu nyumba, shule na zahanati, nikaamini kwamba idadi ikiwa kubwa hoja inakuwa nzito. Kosa hili lina asili yake, na asili hiyo ni kazi yenyewe. Mtaani sifa ya fundi hupita kwa mdomo. Mteja anauliza, "Umefunga wapi?" Unamtajia jengo, anapita kulitazama, anauliza mwenye nyumba kama taa zinawaka na breka hazikati ovyo. Orodha inafanya kazi kwa sababu nyuma ya kila jina kuna ukuta unaoweza kugongwa. Chuoni majina yaleyale yanafika bila kuta. Msomaji anabaki na neno lako tu, na waombaji wengine nao wameleta yao: mchapakazi, mzoefu, anashirikiana vizuri na wenzake.

Fikiria testa na multimita. Ukigusisha testa kwenye waya wa moto, taa yake ndogo inawaka. Imekuambia kuna umeme, basi. Haikuambii ni volti ngapi, wala haijui kama nyutro imekatika huko mbele, kwa hiyo testa inaweza kuwaka vizuri kabisa kwenye soketi ambayo haiwashi hata redio. "Miaka tisa" ni testa. Inawaka, na msomaji anajua kuna kitu. Ili ajue ni kiasi gani, anahitaji kipimo kama cha multimita, na kipimo kwenye maandishi ni tukio moja lililosimuliwa pamoja na namba zake.

Tuchukue tukio la kawaida sana kwa fundi wa majumbani. Pampu ya maji ya kilowati 1.5 imefungwa kisimani, mita 60 kutoka kwenye ubao wa breka. Ikiwashwa inanguruma bila kuzunguka, na baada ya sekunde chache breka inakata. Kwenye orodha, kazi hii ingekuwa maneno matatu: "nimewahi kutengeneza pampu". Sasa iandike hivi:

"Nilidhani kapasita imekufa, nikabadilisha, pampu ikagoma tena. Ndipo nikapima. Kwenye ubao nilipata volti 226. Kwenye pampu, wakati inajaribu kuanza, nikapata 178. Waya uliokwenda kisimani ulikuwa wa shaba wa milimita za mraba 1.5. Niliuondoa nikavuta wa milimita 4, nikapima tena wakati wa kuanza, ikasoma 208 na pampu ikazunguka. Nilijua waya mnene utasaidia kwa sababu niliwahi kuona hivyo. Sijui kukokotoa ni mnene kiasi gani unatosha kabla ya kununua."

Aya hii mwalimu wa umeme anaweza kuikagua bila kusimama. Waya wa shaba wa 1.5 una ukinzani wa takriban omu 12 kwa kila kilomita. Umeme unakwenda mita 60 na kurudi 60, jumla mita 120, yaani kama omu 1.45. Mota ya ukubwa huo inapoanza inaweza kuvuta ampea 35 hivi. Zidisha, utapata volti 50 zinazopotelea njiani. Fundi ameandika 226 na 178, tofauti yake 48. Namba zimekutana! Waya wa milimita 4 una omu zipatazo 4.6 kwa kilomita, hivyo upotevu unashuka hadi karibu volti 19, na fundi amesoma 208, yaani upungufu wa 18. Nguvu ya kuanzia ya mota hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo kwenye 178 pampu ilibaki na asilimia 62 tu ya nguvu ambayo ingekuwa nayo kwenye 226. Mwandishi hakuijua hata moja ya hesabu hizi, ila vipimo vyake vinazitii zote. Hilo ndilo linalonivutia kupita yote katika jambo hili: mtu aliyepima kweli huacha alama ambayo mtaalamu aliye mbali anaitambua, na aliyebuni namba hunaswa kwa hesabu hiyohiyo.

Kwa hiyo kama hukupima, andika kwamba hukupima. Sema ulichokiona: taa zilififia kila pampu ilipowashwa, waya ulikuwa na joto ukiushika. Hizo nazo ni dalili zinazokaguliwa.

Sentensi ya mwisho ya aya ile mafundi wengi wangeifuta, kwa kuogopa kuonekana hawajui. Mimi ningeilinda kuliko zote. Msomaji ana swali moja ambalo hamuulizi mhitimu wa kidato cha nne: huyu anayekula kwa kazi hii tayari, anatafuta nini darasani? "Kuongeza ujuzi" si jibu. Kutojua kukokotoa upotevu wa volti ni jibu, kwa sababu ni kitu kinachofundishwa hasa kwenye kozi aliyoomba. Soma mtaala kwanza, halafu tafuta kwenye kazi zako mahali ulipokwama pale mtaala unapoanzia.

Angalia pia viambishi vyako. Kwa adabu ya kazi tumezoea kusema "tulifunga", hata pale mtu alipokuwa peke yake juu ya ngazi. Kwenye maelezo binafsi "tuli-" inamficha mwombaji, na "nili-" isiyo ya kweli inamponza siku ya usaili. Tenganisha: fundi mkuu alichora mpangilio, mimi nilivuta waya na kufunga ubao. Kama kazi ilifanyika chini ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati Tanzania, liseme hilo wazi, maana mwalimu wa umeme anajua nani anaruhusiwa kusaini nini.

Nafasi haitoshi kwa matukio mengi. Anayeomba vyuo vya Uingereza kupitia UCAS ana herufi 4,000 pamoja na nafasi zake, na kwa wanaoanza masomo kuanzia 2026 zimegawanywa katika maswali matatu. Matukio mawili yaliyosimuliwa hivi yanajaza sehemu kubwa. Kazi nyingine ziende kwenye wasifu, ambako orodha ndiyo mahali pake.

Na maelezo haya, hata yakiandikwa vizuri namna gani, hayazibi pengo la vyeti. Chuo hutazama kwanza sifa za kujiunga, na vingine havisomi barua yoyote. Fundi wa Tanzania aliyejifunzia kazini bila cheti ana mlango tofauti, mfumo wa VETA wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo mkaguzi anakutazama ukifanya kazi kwa mikono yako. Huko aya ya pampu haihitajiki. Utapewa pampu yenyewe, au waya na ubao.